"Permanent Nurse": kisa cha wasifu mmoja uliotoka Kivu ukakwama Nairobi

Usuli

Mteja wa kisa hiki nitamwita Mama N. Herufi hiyo si ya jina lake, na miaka ya kazi nimeisogeza kidogo. Kijiji alikofanya kazi sitakitaja, wala mashirika aliyoomba kazi. Yeye mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe kwa masharti hayo.

Ni muuguzi kutoka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Alisomea uuguzi miaka mitatu baada ya sekondari, akafanya kazi kwenye wadi ya wazazi, kisha kwa miaka mitano akawa ndiye mkubwa wa kituo cha afya cha mashambani. Vita vilipofika kwao alihama na watoto, na alipokuja kwangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu Nairobi, akiishi mitaa ya mashariki mwa jiji na kushona nguo za vitenge kwa oda. Kiingereza alikuwa amejifunza kanisani na kwa majirani, cha kutosha mahojiano ila si cha kutosha kuandika.

Mimi hufasiri Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili kando ya River Road. Vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa na wasifu wa kazi ndivyo vinavyonilipia kodi. Vyeti vina fomula yake, ukishaijua umeijua. Wasifu ndio huniumiza kichwa, hasa wa watu wa afya, kwa sababu majirani wawili wanaweza kuwa na kazi ileile chini ya majina mawili, na jina lilelile likawa kazi mbili.

Wasifu ulivyofika mezani

Mama N. alikuja na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya Kifaransa, ameiandika mwenyewe, safi kabisa. Ya pili ilikuwa ya Kiingereza, aliyofasiriwa kwenye saiba kwa shilingi mia tatu. Hii ya pili alikuwa ameituma mahali kumi na moja. Kumi hawakujibu. Mmoja alimpigia simu, akamuuliza maswali mawili, akashukuru na kukata.

Sehemu yenyewe ilisomeka hivi:

```
2014-2019  Permanent Nurse, Health Center
- Made curative and pre-school consultations
- Animated the community relays
- Transmitted SNIS to the Head Doctor of Zone
Studies: Graduate in Nursing (A1). State Diploma.
```

Aliyefasiri hakuwa mvivu. Kila neno la Kifaransa amelipa neno la Kiingereza, na karibu yote yapo kwenye kamusi. Soma sasa kwa macho ya mtu wa rasilimali watu wa Nairobi mwenye wasifu mia mbili mezani. Anaona muuguzi wa kawaida aliyekuwa na ajira ya kudumu, anayeshughulika na watoto wa chekechea, anayechangamsha mbio za kupokezana vijiti, na anayeripoti kwa daktari wa eneo fulani ambalo, kwa kuwa ni Kongo, huenda ni eneo la vita.

Yale maswali mawili ya simu alinisimulia huku akicheka kwa uchungu. La kwanza: "Umeandika umefanya kazi ya shule ya chekechea, hii ni nafasi ya afya ya mama na mtoto, unaionaje?" La pili: "Hapa naona A1. Ni Kifaransa chako ndicho kiko A1?" Huyo bwana alijua ngazi za lugha za Ulaya, ambako A1 ni mtu anayeanza kusalimia. Mama N., aliyesoma kwa Kifaransa tangu msingi, hakuelewa anaulizwa nini, akajibu, "Ndiyo, A1." Simu ikaisha hapo.

Mazungumzo ya kwanza

Sikugusa karatasi siku hiyo. Nilimwuliza kwa Kiswahili alikuwa nani pale kijijini.

"Mimi nilikuwa muganga wa kituo, dada."

Mtu wa Nairobi akisikia hivyo anaona bango lililogandishwa kwenye nguzo ya stima, lenye namba ya simu na ahadi ya kurudisha mpenzi aliyetoroka. Kwa Kiswahili cha Bukavu na Goma, muganga ni mtu wa hospitali, anayekupima na kukupa dawa. Tanzania nao neno wamelibakiza kwa heshima: anayeongoza kituo cha afya huitwa mganga mfawidhi, na daktari mkuu wa taifa ni Mganga Mkuu wa Serikali. Ni hapa kwetu tu lilikozama. Nilimwambia mapema asilitumie mbele ya jopo, na akaniuliza, "Sasa niseme nini?" Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yenyewe.

Kwenye karatasi ya Kifaransa cheo kilikuwa `Infirmière titulaire`. Kamusi inakupa titulaire kama mtu mwenye ajira ya kudumu, au mwenye kumiliki cheti fulani. Ndiyo maana saiba iliandika alichoandika, na nimewahi kuona mfasiri mwingine akiandika "Registered Nurse" kwa mantiki hiyohiyo. Kwa mfumo wa afya wa Kongo maana yake si hizo. Nchi imegawanywa katika kanda za afya, kila kanda ina hospitali kuu ya rufaa na daktari mkuu wa kanda. Chini ya kanda kuna maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake. Muuguzi aliyekabidhiwa kituo hicho ndiye titulaire. Ni mwenye kituo, kwa maana ya anayekijibia.

Sikutaka kutegemea ninachojua kuhusu mfumo, maana cheo kwenye karatasi ya serikali na kazi ya mtu halisi si lazima vifanane. Kwa hiyo nilimwuliza maswali matano, na haya nayauliza kila mtu sasa. Nani alikuwa juu yako, na ulimwona mara ngapi? Nani walikuwa chini yako, mmoja mmoja? Uliweka sahihi kwenye nini? Fedha na dawa zilikuwa mkononi mwa nani? Mwezi ulipoisha, ulipeleka nini na kwa nani?

Majibu yake yalijaza kurasa tatu za daftari langu. Juu yake alikuwa daktari wa kanda, aliyemwona mara moja kwa mwezi kwenye kikao cha wakubwa wa vituo vyote. Chini yake walikuwa sita: muuguzi msaidizi wake, mkunga, mtu wa maabara, mtunza dawa na mapato, mpokezi wa wagonjwa na mfagizi. Vitanda vya wazazi vilikuwa vinane. Eneo lake lilihesabiwa watu kama 9,400. Wagonjwa wa nje aliwapima mwenyewe, akaandika dawa kwa kufuata mwongozo wa chati uliokuwa mezani, na aliyemzidi akamwandikia rufaa. Siku ya wajawazito ilikuwa Jumanne, siku ya kupima watoto uzito na kuwachanja ilikuwa Alhamisi. Alikuwa na watu wa kujitolea 22 vijijini, waliotembelea nyumba kwa nyumba. Kila mwisho wa mwezi alijumlisha vitabu vya rejista, akajaza fomu ndefu ya ripoti na oda ya dawa, akampa mwenye pikipiki afikishe ofisi ya kanda kabla ya tarehe tano.

Hapo nilimwambia: "Mama, hapa Kenya wewe ni inchaji."

Alirudia neno hilo mara mbili kana kwamba analipima uzito.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu cheo. Kishawishi kilikuwa kufuta Kifaransa kabisa na kuandika cheo cha Kenya, "Facility In-charge". Kingeeleweka mara moja. Nilikikataa, au tuseme nilikikubali nusu. Cheo cha asili kilibaki mwanzoni mwa mstari, kisha maelezo yake kwa Kiingereza cha kawaida baada ya nukta mbili. Sababu ni ya kiutendaji. Barua yake ya utumishi, aliyovuka nayo mpaka ndani ya mfuko wa plastiki, inasema `infirmière titulaire`. Mdhamini wake, daktari wa kanda, akipigiwa simu atasema neno hilohilo. Wasifu ukiwa na cheo ambacho hakipo kwenye barua yoyote, anayehakiki anaona watu wawili tofauti.

Na yale maelezo baada ya nukta mbili hayakuwa cheo cha Kenya bali sentensi ya kueleza: muuguzi anayeongoza kituo cha afya cha mashambani. Kuna tofauti. Cheo cha Kenya kinakuja na mizigo yake. Hapa vituo vimepangwa kwa ngazi, zahanati ni ngazi ya pili na kituo cha afya ni ngazi ya tatu, na ukisema uliongoza kituo cha afya msikilizaji anafikiria majengo na wafanyakazi wa ngazi ya tatu, ambapo mara nyingi anayeongoza ni klinikali ofisa. Kituo cha Mama N. kwa idadi ya watu wake kilikuwa karibu zaidi na zahanati yetu kubwa, ila chenye wazazi wanaolala. Badala ya kumpa ngazi ya Kenya ambayo hakuwa nayo, tuliandika vitanda vinane, wafanyakazi sita na watu 9,400. Takwimu hizo tatu msomaji wa Nairobi anaweza kuziweka mwenyewe mahali pake.

Uamuzi wa pili ulihusu masomo, na hapa tulibishana. Wasifu wa saiba ulikuwa umemdunisha kwenye kazi na papo hapo ukamkweza kwenye elimu. Neno la Kongo ni graduat, masomo ya miaka mitatu baada ya sekondari kwa mfumo wa zamani aliousomea. Mkenya akisoma "Graduate in Nursing" anaona digrii ya chuo kikuu. Nayo "State Diploma", diplôme d'État, inasikika kama diploma ya serikali juu ya hiyo digrii, kumbe ni cheti cha kumaliza sekondari, ndugu wa KCSE. A1 nayo ni ngazi ya muuguzi: Kongo A2 ni aliyesomea uuguzi ndani ya sekondari yenyewe, A1 ni wa miaka mitatu ya baadaye, na juu yao kuna wenye lisensi, yaani digrii ya chuo kikuu.

Mama N. alikuwa amesikia kwamba diploma ya uuguzi ya hapa ni miaka mitatu pia, na wenye nayo huandika KRCHN baada ya majina yao. Akataka aandike hivyo. "Si ni kitu kimoja, dada? Miaka mitatu na miaka mitatu."

Nilimweleza kwamba herufi zile zinamtaja muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, wala hazipimi urefu wa masomo tu. Kuzitumia bila kuwa kwenye daftari la Baraza ni kudai leseni usiyo nayo, na hilo si kosa la ufasiri tena, ni la kisheria. Kulinganisha vyeti vya nje na vya hapa ni kazi ya mamlaka zenye dhamana hiyo, si yangu na si ya saiba. Mfasiri anaweza kusema masomo yalichukua muda gani, yalianza baada ya nini na yaliishia kwa cheti kinachoitwaje. Tukaandika: diploma ya uuguzi ya miaka mitatu baada ya sekondari, jina la cheti kwa Kifaransa likafuata. Herufi A1 tuliziondoa kabisa, kwa sababu zinabaki kwenye cheti chenyewe na kwenye wasifu hazimsaidii msomaji yeyote asiyekuwa Mkongo. Chini yake, mstari wake peke yake: amesajiliwa Kongo, bado hajapata leseni ya Kenya. Huo mstari hakuupenda.

Uamuzi wa tatu ulihusu majukumu. Sehemu kubwa ilikuwa rahisi mara tu unapoacha kufasiri maneno na kufasiri siku. Ile "consultation préscolaire" ni Alhamisi ya kupima watoto na kuwachanja, na kila mama wa Nairobi anaijua kama kliniki ya watoto. Ile ya "curative" ni kupima na kutibu wagonjwa wa nje. Neno "zone" tuliliongezea "health" kila lilipotokea ili lisinuke baruti. Daktari wa kanda tulimweka kama daktari anayesimamia kanda ya afya. Nilifikiria kumfananisha na mkuu wa afya wa kaunti ndogo nikaacha, maana kaunti ndogo ni mpaka wa utawala na kanda ya afya ni mpaka wa afya peke yake.

Palipohitaji kufikiri ni wale 22 wa kujitolea. Kongo huitwa relais communautaires. Kenya tangu 2023 wanaofanana nao huitwa rasmi CHP, wahamasishaji wa afya ya jamii, na jina hilo lilikuwa limejaa kwenye matangazo yote ya kazi aliyokuwa akiyafukuzia. Kuliweka kungefanya wasifu wake ung'are. Ila CHP wa Kenya ana vifaa alivyokabidhiwa, ana simu ya kurekodi, na ana posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Wale wa Mama N. walikuwa wakijitolea, na siku ya kikao aliwapa sabuni ikipatikana. Kuongoza watu wanaolipwa na kuongoza watu usioweza kuwalipa ni ujuzi tofauti, na nadhani wa pili ndio mgumu zaidi. Tukaandika "community health volunteers", jina ambalo kila mtu wa sekta hiyo analielewa na ambalo lilikuwa kweli.

Uamuzi wa nne ndio nilioukosea. Ile SNIS ya kwenye karatasi ya saiba ni mfumo wa taarifa za afya wa Kongo, na ninajua kwamba Kongo hutumia programu ya DHIS2 kuuendesha, kama Kenya. Nikaona nimepata dhahabu: mfumo uleule, nchi mbili. Nikaongeza kwa furaha mstari unaosema aliripoti kupitia DHIS2. Nilimsomea, akaitikia kwa kichwa, maana jina alikuwa amelisikia vikaoni.

Kilichotokea

Wasifu mpya ulitumwa mahali sita. Ndani ya wiki tatu aliitwa mahojiano mawili.

La kwanza lilikuwa la mradi uliohitaji mtu wa takwimu za vituo. Walimweka mbele ya kompyuta, wakamwambia afungue DHIS2 aingize ripoti ya mwezi mmoja. Hakuwahi kuigusa maishani mwake. Kituo chake hakikuwa na umeme wa uhakika, sembuse kompyuta. Fomu za karatasi ndizo zilizopanda pikipiki, na aliyeingiza namba kwenye mfumo alikuwa karani wa ofisi ya kanda. Alisema ukweli huo palepale, na jopo likamshukuru kwa upole ule unaojulikana. Jioni alinipigia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, kile kitu cha kompyuta, mimi sikukijua." Nilibaki nimeshika simu nikitafuta pa kuweka uso.

Nilifuta mstari ule usiku huohuo. Toleo lililobaki ni hili:

```
2014-2019  Infirmière titulaire: nurse in charge of a rural
           health centre, South Kivu, DR Congo
- Headed a centre with 8 maternity beds and 6 staff,
  serving about 9,400 people
- Examined, treated and referred outpatients under
  national treatment guidelines
- Ran weekly antenatal and child welfare clinics
- Supervised 22 unpaid community health volunteers
- Compiled the centre's monthly paper report and
  medicine order for the health zone office
```

Mahojiano ya pili yalikuwa ya shirika lililotafuta msimamizi wa watu wa kujitolea katika mradi wa afya ya mama kwenye mtaa wa mabanda. Hapo ukatokea mtego ambao sikuuona. Shirika hilo lilikuwa mojawapo ya wale kumi waliopokea wasifu wa saiba, na faili lao lilikuwa nao bado. Afisa mmoja aliweka karatasi mbili mezani kando kwa kando. Miaka ileile, kituo kilekile. Mwaka jana alikuwa muuguzi wa kudumu, mwaka huu ni mkuu wa kituo. Akamwuliza kwa adabu, lakini kwa uwazi, lini hasa alijipandisha cheo.

Mama N. alitoa mfuko wake wa plastiki. Barua ya utumishi ilisema `infirmière titulaire`, na wasifu mpya ulisema `Infirmière titulaire`, herufi kwa herufi. Katika jopo alikuwapo mtu aliyewahi kufanya kazi Goma. Akaisoma, akawaambia wenzake kwa sentensi moja titulaire ni nani. Kisha wakamwuliza aliwezaje kuwaweka watu 22 kazini miaka mitano bila malipo, na kwa simulizi yake hapo aliongea karibu nusu saa.

Alipewa mkataba wa miezi sita. Si kazi ya uuguzi. Haruhusiwi hata kudunga sindano. Lakini ni kazi ya ofisi inayolipa, na anasimamia watu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kubakiza cheo cha asili, na kilifanya kazi kwa sababu ambayo sikuikusudia. Mimi nilimfikiria mhakiki atakayepiga simu Bukavu siku moja. Niliowasahau ni mashahidi walio hapahapa Nairobi: matoleo ya zamani ya wasifu yaliyotawanyika kwenye mafaili ya watu. Kama tungeandika cheo cha Kenya peke yake, barua ya Kifaransa isingefanana na karatasi yoyote kati ya zile mbili, na maelezo yake yangebaki neno lake tu. Sasa kila anayekuja na wasifu wa pili namwuliza wa kwanza ulikwenda wapi, na kama kuna mahali anaomba tena, tunaandika kwenye barua ya maombi kwamba ufasiri wa awali ulisahihishwa na kwamba cheo kwenye vyeti hakijabadilika. Ni sentensi moja. Ingemwokolea jasho lile.

Kosa la DHIS2 limenifunza zaidi kuliko ushindi wenyewe. Kila jambo katika mstari ule lilikuwa kweli kuhusu nchi: Kongo inatumia programu hiyo, ripoti za kituo chake ziliishia humo. Halikuwa kweli kuhusu mikono yake. Nilifasiri mfumo badala ya mtu. Ndilo kosa lilelile la saiba, ila mimi nililifanya kutoka juu, yeye alilifanya kutoka kwenye kamusi. Na kule kuitikia kwake kwa kichwa hakukuwa ruhusa. Mteja anayemheshimu mfasiri wake, na ambaye hana uhakika na Kiingereza, ataitikia karibu chochote. Ningemwuliza "Ulibonyeza wewe au nani?" ningejua ndani ya sekunde mbili. Swali hilo limeingia daftarini likawa la sita.

Jambo moja bado sina uhakika nalo. Tuliandika kwamba "aliwapima na kuwatibu" wagonjwa wa nje. Ni kweli, na kwa mashambani ya Kongo ni kazi ya kila siku ya muuguzi wa kituo. Muuguzi wa zahanati ya mbali ya Kenya anaifanya pia na atamwelewa. Mtu wa hospitali kubwa ya jijini anaweza kuona muuguzi anayejidai daktari. Maneno "kwa kufuata mwongozo wa taifa" niliyaweka kama ngao, na katika mahojiano yote mawili hakuna aliyeuliza. Angekuwa anaomba kazi Uingereza au Kanada, ningerefusha mstari huo ueleze kwamba kituo hakikuwa na daktari, kwa sababu kule msomaji hana zahanati ya mbali ya kulinganisha nayo.

Na kuna ambacho ufasiri haukugusa. Baraza halimsajili mtu kwa sababu wasifu wake umeandikwa vizuri. Linataka nakala za alama kutoka chuoni, na chuo chake kiko upande ambao barabara yake hufungwa na kufunguliwa. Maombi ameyaanza. Alipokuja juzi kuongeza kazi ya sasa kwenye wasifu, tuliweka miezi minne ya mradi juu, tukasogeza kituo chini, na nikamwuliza kama tuutoe sasa ule mstari wa leseni, maana kwenye kazi hii hauhitajiki.

"Uache," alisema. "Siku ukitoka, utoke kwa kuwa ninayo."